Ni hulka au ni mazoea? Jinsi ya kutenganisha kabla hujaamua kumkubali mwenzio alivyo

Mavuno yakishaisha huku kwetu Dodoma, kuanzia mwezi wa sita hivi, harusi zinafuatana, kadi za michango zinajaa kwenye simu, na mimi ndo naanza kupata swali lilelile. Nakaa na wachumba wanaojiandaa na ndoa kanisani kwetu Nzuguni, mwaka wa nane huu, na hata nikiwa sokoni kuna dada atanivuta pembeni aniulize, "Dada, hivi mtu anabadilika kweli au nijikubalie tu?" Nimeona niandike yote sehemu moja, maana hili swali halijibiki ukiwa umesimama na fungu la mchicha mkononi.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema "ana tabia ya upole" na tunasema "ana tabia ya kuacha taulo kitandani", neno ni moja ila hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza nitakiita hulka, yaani mtu alivyoumbika na kukua, anavyohisi na anavyopokea mambo, hii inakaa nae miaka na miaka. Cha pili nitakiita mazoea, yaani kitu anachokifanya kwa sababu amekirudia sana mahali fulani, saa fulani, mpaka mwili unakifanya wenyewe. Hulka unaikubali au unaondoka, mazoea unaweza kuomba yabadilike. Watu wengi wanaumia kwa sababu wamefanya kinyume, wanapigana na hulka miaka kumi huku mazoea ambayo yangeisha kwa miezi mitatu wameyaachia wakisema "ndivyo alivyo".

Nitatumia mfano wa mdogo wangu na mchumba wake mwanzo mpaka mwisho, kanipa ruhusa ila majina siweki. Yeye ana duka la vitenge, shemeji yangu ni mtumishi ofisi moja kule Mtumba, alihamia kutoka Dar 2022. Malalamiko yake yalikuwa matatu: jamaa ni mkimya mno, hasemi anarudi saa ngapi, na wakikwaruzana anaweza kumaliza siku mbili hajafungua mdomo.

Kabla hujaanza, hakikisha hili sio jambo la kupimwa

Kuna vitu ambavyo mwongozo huu hauvihusu na usijaribu kuvipitisha humu. Mtu anakupiga, anakutishia, anakunyang'anya simu au pesa yako, anakulazimisha kitandani, hapo usikae na daftari kujiuliza kama ni hulka au mazoea, toka uwe sehemu salama kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo hayo.

Cha pili ni mtu aliyebadilika ghafla. Alikuwa mchangamfu, sasa ana mwezi wa pili halali, hali, hataki watu, vitu alivyokuwa anavipenda havimgusi. Hiyo inaweza kuwa ugonjwa kama sonona, na sisi wa Dodoma hospitali ya taifa ya afya ya akili ipo hapahapa, Mirembe. Najua jina hilo watu wamelifanya tusi mitaani na inaniuma kila nikisikia, kwa sababu kuna ndoa nimeona zinavunjika kwa kitu ambacho daktari angekitibu. Kamari na pombe iliyomshinda mtu navyo viko kundi hili, vinataka msaada wa wataalamu, meseji za kubembeleza hazitoshi.

Unachohitaji

- Daftari dogo ambalo halikai wazi mezani. Usiandike kwenye simu mnayoshea.
- Wiki mbili za kuangalia bila kulalamika, hii ndo ngumu kuliko zote.
- Mtu mmoja anayemjua mwenzio tangu utotoni na asiye na sababu ya kumpamba, dada yake au rafiki wa shule ya msingi ni bora kuliko mama yake.
- Miezi mitatu kabla ya uamuzi wowote mkubwa. Kama ukumbi umeshalipiwa kwa mwezi ujao, soma sehemu ya mwisho kwanza.

Hatua ya 1: Geuza lawama iwe kitendo

Andika malalamiko yako yote, alafu futa kila neno ambalo kamera isingeweza kulipiga picha. "Hanijali" kamera haioni. "Ana dharau" haioni. "Jumanne nilimpigia mara nne kati ya saa nne na saa nane mchana hakupokea, akarudi nyumbani hakusema chochote kuhusu hizo simu", hiyo inaonekana.

Mdogo wangu alianza na "ni mtu baridi, hana mapenzi". Tulikaa kama saa nzima tukilichambua hilo neno baridi, mwisho likabaki hivi: wakiwa wawili jioni anaongea kidogo, kwenye shughuli anakaa pembeni, akichelewa hatoi taarifa, wakigombana ananyamaza kwa muda mrefu. Vitu vinne. Neno moja la lawama lilikuwa limevifunika vyote, na ndo maana kila wakikaa kuzungumza ilikuwa ugomvi, maana ukimwambia mtu "wewe ni baridi" hana cha kwenda kufanya kesho asubuhi.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika sababu badala ya kitendo. "Hapokei simu kwa sababu yuko na mtu" hiyo ni hadithi yako, inaweza kuwa kweli inaweza isiwe, wewe andika simu tu.

Hatua ya 2: Andika wiki mbili

Kila tukio weka mambo matano: siku, saa, mlikuwa wapi, nani alikuwepo, na nini kilitangulia. Mstari mmoja unatosha. Kwa mfano kwenye daftari la mdogo wangu kuna hii: "Ijumaa, saa tatu usiku, hajafika, hajatuma meseji. Kapitia kwa washkaji wa ofisini, nyama choma. Mshahara umetoka jana." Na hii: "Jumapili, kwa mama mkubwa Kongwa, watu kama ishirini, kakaa na wazee wawili chini ya mti muda wote, kwenye gari kanambia kachoka sana."

Usimwambie "nakuandika", utakuwa umeshaharibu. Na usimtegee mitego kuona atafanyaje, unataka maisha ya kawaida. Andika na siku ambazo kitu HAKIKUTOKEA, watu wanasahau hii halafu daftari linakuwa faili la mashtaka. Ijumaa alizorudi saa kumi na mbili ni za muhimu sawa na zile alizochelewa.

Hatua ya 3: Pitisha kila kitendo kwenye maswali manne

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, chukua kitendo kimoja kimoja, usivichanganye.

*Swali la kwanza, kinatokea kila mahali na kwa kila mtu?* Hulka haichagui sana. Mkimya anakuwa mkimya kazini, kwao, kanisani, hata akiwa na raha. Kama mwenzio anaongea kama redio akiwa na washkaji alafu akifika kwako kimya, huo ukimya sio hulka, kuna kitu kati yenu au ni mazoea ya nyumbani.

*Swali la pili, kilianza lini?* Hapa ndo yule mtu wa utotoni anahitajika. Usimuulize "ni mtu mzuri?" maana jibu unalijua. Muulize "mlipokuwa wadogo kukiwa na sherehe alikuwa anafanya nini?" au "akikasirika alikuwaje?" Wifi yake mdogo wangu alijibu bila kufikiri: toka yuko darasa la pili, wageni wakija yeye anaenda kuchota maji, na akichapwa alikuwa anaenda kukaa nyuma ya zizi mpaka giza linaingia, hakuna wa kumtoa. Sasa ukimya wa tangu darasa la pili huo haukuanza na mdogo wangu na hautaishia kwake.

*Swali la tatu, alipohama mahali ilikuwaje?* Hili swali nalipenda, na sisi wa Dodoma tuna bahati nalo, maana mji huu tangu serikali ilipoanza kuhamia umejaa watu waliotoka kwingine, wengi wao Dar. Mazoea yanaishi kwenye mazingira: njia unayopita, saa unayotoka, kiti unachokalia, watu unaokutana nao. Ukimng'oa mtu hapo, mazoea mengi yanakatika yenyewe kwa muda, kwa sababu kile kilichokuwa kinayaamsha hakipo tena. Hulka inapanda nae basi na kushuka nae stendi. Kwahiyo muulize, au waulize waliokuwa nae kule: ulipofika Dodoma nini kiliacha na nini kiliendelea?

Shemeji Dar alikuwa na kijiwe kila jioni. Miezi mitano ya kwanza Dodoma alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja, hana anaemjua, alafu ofisini wakaanzisha utaratibu wa Ijumaa na kuchelewa kukarudi. Unaona? Kuchelewa kulikufa mazingira yalipokufa, kukafufuka yalipopatikana mengine. Hayo ni mazoea. Ila ukimya ulikuwepo Dar, ulikuwepo ile miezi mitano, upo mpaka leo.

*Swali la nne, akifanya kinyume chake inamgharimu nini?* Watu wengi wanadhani hulka maana yake hawezi. Hapana. Mkimya anaweza kusimama akawa emsii wa harusi saa tatu nzima akafanya vizuri, ila kesho yake anataka kulala na mlango ufungwe. Anaweza, ila analipia. Mazoea ni tofauti, kuyaacha kunasumbua siku za mwanzo kwa sababu ya kusahau, ukishazoea kipya hakikuchoshi tena. Rudi kwenye ile ya Kongwa, "kanambia kachoka sana", hakuna kazi aliyofanya pale zaidi ya kukaa na watu ishirini. Hiyo ndo gharama.

Kitendo kikijibu "kila mahali, tangu utotoni, kilihama nae, na kinyume chake kinamchosha", weka H ya hulka. Kikijibu tofauti kwa maswali matatu au yote, weka M. Kikiwa mbili kwa mbili usilazimishe, nenda hatua ya 4.

Tahadhari moja hapa, na naomba uichukulie kwa uzito: usiweke kabila kama jibu. "Wagogo ni wapole", "Wachaga wanapenda hela", nimesikia wachumba wakiamua maisha yao kwa maneno hayo. Mtu unaemchunguza ni mmoja, daftari lako linamhusu yeye.

Hatua ya 4: Tenganisha mzizi na tawi

Malalamiko mengi yatakuwa mchanganyiko, mzizi ni hulka ila tawi lililokugonga usoni ni mazoea. Na hapa ndo penye unafuu mkubwa, kwa sababu huhitaji kung'oa mzizi ili tawi likatwe.

Chukua ule ununaji wa siku mbili. Ukiuangalia haraka unasema ni hulka, si alikuwa anaenda nyuma ya zizi? Kweli, kuhitaji kukaa peke yake akikasirika ni mzizi. Lakini kuondoka bila kusema neno, kupita karibu na mwenzio kama hamjuani, na kutokuwa na mwisho unaojulikana, hilo ni tawi, kajifunza huko utotoni kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mdogo wangu alipojiuliza kinachomuumiza ni nini hasa, ukimya haukuwa na uzito kama ile hali ya kutojua utaisha lini. Basi ombi likawa sio "acha kuninunia", likawa "ukitaka kunyamaza sema, na useme tutaongea lini".

Sentensi ya kujaza iwe hii: "Najua we ni mtu wa ___, hiyo sikuombi ubadilishe, ninachoomba ni ___." Kama sehemu ya pili hujaweza kuijaza na kitendo kinachoonekana, hujafika kwenye tawi bado, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 5: Omba kimoja tu, na kifunge kwenye kitu kinachotokea kila siku

Kimoja. Sio vitatu. Nimeona dada kamletea mchumba wake orodha ya mambo kumi na moja kwenye watsap saa tano usiku, jamaa akajibu "sawa" na hakuna kilichotokea, ningeshangaa kingetokea.

Chagua kilicho rahisi kati ya vile vyenye M, alafu kifunge kwenye tukio ambalo tayari lipo kwenye siku yake. "Jitahidi kuwa unanitaarifu" haina pa kushika. "Ukizima kompyuta, kabla hujasimama kwenye kiti, nitumie meseji ya saa utakayofika" ina pa kushika, maana kompyuta ataizima kila siku ya kazi. Hii ya kusema "nikifanya hiki, nafanya na kile" wanasaikolojia wameijaribu sana na inashinda kuahidi kwa mdomo tu. Na achague yeye tukio lenyewe, usimpangie, yeye ndo anaijua siku yake.

Muda gani? Hapa watu wanapotoshwa na ile ya kwamba mazoea yanajengeka kwa siku 21. Kuna utafiti wa chuo kikuu kimoja cha London uliotoka mwaka 2010, walifuatilia watu 96 wakijenga mazoea madogo tu kama kunywa maji wakati wa chakula, wastani ukawa siku 66 mpaka kitendo kianze kujiendesha, ila tofauti ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 mpaka 254. Jambo jingine waliloliona, kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwahiyo toa wiki 12 na usipige kelele akisahau Jumatano moja.

Kanuni yako wewe kwa hizo wiki 12: usikumbushe. Ukimkumbusha kila siku, kinachomwamsha kinakuwa sauti yako badala ya ile kompyuta, na siku ukisafiri kitu kimekufa. Weka alama tu kwenye daftari.

Hatua ya 6: Soma alama, angalia mwelekeo

Hizi ni za shemeji, siku tano za kazi kwa wiki. Wiki tatu za mwanzo alituma meseji siku 7 kati ya 15. Wiki ya nne mpaka ya sita, 9 kati ya 15, na hapo kuna wiki nzima alikuwa safari ya kikazi Kondoa hakutuma hata moja, maana kule hakuwa na kompyuta ya kuzima. Mdogo wangu alitaka kukata tamaa, nikamwambia hiyo si dharau, ni mazingira yamehama, ndo yaleyale ya swali la tatu. Wiki ya saba mpaka ya tisa, 12. Tatu za mwisho, 14 kati ya 15, na moja aliyokosa alipiga mwenyewe akiwa njiani.

Unachotafuta ni kwamba namba inapanda na kwamba anaanza bila kusukumwa. Anaepanda taratibu huku akianguka ni mzima. Wa kumwangalia vizuri ni yule anaefanya 5 kwa 5 wiki mbili za kwanza, alafu 5, alafu 3, alafu 0, mara nyingi huyo alikuwa anakutuliza tu. Na ambaye hajaanza kabisa mpaka wiki ya sita, wakati mlikubaliana na yeye ndo alichagua, hapo umepata habari, na sio habari kuhusu meseji. Ina maana kitu kinachobadilika na kidogo namna hii hataki kukibadilisha kwa ajili yako. Uzito wa hiyo upime peke yake.

Ile ya kunyamaza waliianza baadae, na haikwenda vizuri hivyo. Katika mikwaruzano mitano, mara tatu alisema "nipe mpaka kesho jioni" na kesho jioni akaja kweli kuongea, mara mbili alitoweka kama zamani. Ni ngumu zaidi kwa sababu tawi hili liko karibu sana na mzizi, na mtu akiwa na hasira kichwa kinarudi njia ya zamani.

Hatua ya 7: Sasa kaa na zile zenye H

Mazoea yameshapata wiki zake. Zilizobaki ni hulka, na hapa swali linahama kutoka kwake kuja kwako. Hulka ya mtu mzima inasogea, ndio, watafiti wanaofuatilia watu miaka mingi wanaona wengi wanakuwa watulivu na waangalifu zaidi umri ukienda, ila inasogea taratibu, na mkimya wa leo atakuwa bado mkimya kuliko majirani zake akiwa na miaka hamsini. Usiolewe na huo msogeo.

Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo mingi kule Seattle, alikuta asilimia 69 hivi ya mambo ambayo wanandoa wanagombania hayaishi, yanarudi mwaka hadi mwaka kwa sababu yametoka kwenye tofauti za hulka na mahitaji. Hata wale wenye ndoa nzuri wanayo. Wao wameweza kuyazungumza bila kuumizana. Kwahiyo ukimwacha huyu kwa ajili ya hulka moja, unaenda kuchukua mwingine na hulka zake.

Fanya hivi. Chukua Jumanne ya kawaida, sio siku ya harusi wala siku ya msiba. Umefunga duka, vumbi la mwezi wa nane limekujaa machoni, umefika nyumbani, na hulka yake iko vilevile ilivyo leo, haijapungua hata kidogo. Andika hiyo jioni inaendaje kuanzia unafungua mlango mpaka unalala. Alafu andika tena ukiwa na mtoto anaumwa, alafu tena mkiwa na miaka ishirini kwenye ndoa. Angalia kama kuna neno "labda atakuwa" popote ulipoandika. Kila penye "labda atakuwa" hujamkubali huyo, umemkubali mtu ambaye hayupo.

Kisha andika hulka hiyohiyo inakupa nini, maana inafanya kazi pande zote. Mdogo wangu aliandika kwamba miaka miwili hajawahi kupandishiwa sauti, na siri zake hazijawahi kutoka nje. Huo ndo ukimya uleule. Hutaweza kuchukua upande mmoja ukarudisha mwingine.

Yeye alikubali. Ila kuna rafiki yake wa Ipagala ambaye mchumba wake alikuwa na hulka ileile kabisa, akapita hatua hizi, akafika kwenye ile Jumanne na akaandika kwamba yeye asipoongea na mtu jioni anajisikia kama amekufa, na hana dada wala marafiki hapa mjini wa kuziba hilo. Akamwambia jamaa ukweli, wakaachana vizuri. Wote wawili naona waliamua sawa.

Ukikwama

*"Alibadilika wiki tatu akarudi kulekule."* Kwanza angalia kama kuna kilichohama: zamu mpya, nyumba mpya, ramadhani, safari. Kama kipo, tafuteni tukio lingine la kufungia na muanze kuhesabu upya. Kama hakipo na hana la kusema, hesabu alivyofanya na usifute wiki mbaya.

*"Kila nikisema ananijibu ndivyo nilivyo."* Mkubalie kwenye mzizi, mrudishe kwenye tawi. "Sawa, we ni mtu wa kutopenda kuulizwaulizwa, hilo nimelikubali. Meseji ya saa utakayofika je?" Akisema hata hilo ndivyo alivyo, angalia kama akiwa kazini bosi wake anapata hizo taarifa. Anaemtaarifu bosi anaweza kutaarifu.

*"Yeye anasema mimi ndo wa kubadilika."* Mpe daftari. Namaanisha kweli, nae apitishe mambo yako kwenye maswali manne na aombe kimoja, muende wiki 12 pamoja. Mdogo wangu aliombwa aache kumpigia simu mfululizo akiwa kikaoni, na kwake ilichukua muda mrefu kuliko shemeji na meseji zake.

*"Yeye yuko Dar mimi Dodoma, tunaonana wikiendi."* Siku hizi treni ya umeme imerahisisha kuonana ila haijarahisisha kujuana, bado unamwona mtu wa wikiendi, kaoga, kapumzika, kajiandaa. Nenda siku za kazi. Omba likizo ya wiki moja, fikia kwa ndugu yako wa kule kama ndo utaratibu wenu, umwone Jumatatu akitoka kazini na foleni imemchosha. Bila hivyo swali la kwanza na la tatu hutaweza kuyajibu.

*"Uchumba wetu una miezi minne tu."* Mapema mno kuweka H. Mtu kwenye uchumba mpya anaishi kwa gharama, anafanya kinyume cha hulka yake kwa sababu ana nguvu za kulipia. Msikilize zaidi wifi kuliko macho yako, na ongeza muda.

*"Mahari imeshapelekwa, ukumbi umelipiwa."* Najua presha yake, kamati imeshakaa vikao vitatu na mjomba wa Mpwapwa ameshauza ng'ombe. Fanya hatua ya 1 mpaka ya 4 ndani ya wiki mbili, ya 5 na 6 ziruke, nenda moja kwa moja hatua ya 7 ukichukulia kwamba mazoea yake yote nayo hayatabadilika hata moja. Kama Jumanne hiyo unaweza kuiishi, endelea, na wiki 12 mtazifanya mkiwa ndani. Kama huwezi, mwite mshenga kabla ya Jumapili na umwambie mnasogeza tarehe. Mshenga ndo kazi yake hiyo, na mjomba utamweleza yeye akishaongea na upande wa pili.